Kolishiti na fomu za ridhaa kwa ekstra wa mtaani ambao hawajawahi kuigiza: mnaziandaaje?

Mpangaji_Mpya

Wakuu, habari zenu. Tuna filamu fupi ya dakika kumi na mbili na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga watu. Sini moja kubwa inashutiwa barabarani kwa nusu siku. Mhusika mkuu anashuka kwenye basi, anapenya katikati ya watu akikimbia, anasimama kwa fundi viatu na kumuuliza swali, fundi anamjibu sentensi mbili, kisha anaendelea kukimbia. Waigizaji wenyewe ni wawili. Ekstra ni 24, wote watu wa kawaida: majirani, wanafunzi wa chuo, mama mmoja na watoto wake wawili, na fundi viatu ambaye ni fundi kweli.

Kolishiti niliyonayo, yaani karatasi ya ratiba ya siku ya kushuti, ni ile ya kawaida, imejaa namba za sini, lenzi, magari na majina ya idara. Nikiwatumia hawa watu naona watapotea. Je, ekstra wapewe karatasi hiyo hiyo? Fomu za ridhaa wasaini lini, kabla au baada? Na wapita njia ambao hatukuwaalika tunawafanyaje? Kamera inatakiwa kuanza saa 3 asubuhi.

Taa_na_Kivuli

Mkuu usijitese. Barabara ni ya umma, na mtu akiwa hadharani unaweza kumpiga picha. Fomu mpe fundi viatu tu kwa sababu anaongea. Hao wengine waandikie ujumbe kwenye kundi: njooni saa fulani, mahali fulani, basi. Nimeshuti barabarani mara nyingi na kamera ya mkononi, sijawahi kuulizwa karatasi.

Msaidizi_wa_Pili

Taa_na_Kivuli ana nusu ya jambo. Mtu anayepita mbali, haonekani sura, kwa kawaida hamtasumbuana. Lakini hao 24 si wapita njia. Wameitwa, wamepangwa, wanaelekezwa watembee wapi, na wengine watapita mita moja mbele ya lenzi. Siku filamu inapopata mnunuzi au kituo cha televisheni, wanaomba fomu za kila mtu anayetambulika, na mara nyingi hata bima ya filamu haikatwi bila hizo. Hakuna anayekuuliza siku ya kushuti. Unaulizwa miezi minane baadaye, wakati ekstra wako wameshabadilisha namba za simu.

Kwa hiyo Mpangaji, andaa karatasi mbili tofauti. Kolishiti kamili ibaki kwa timu na waigizaji wawili: sini, mpangilio wa shoti, saa ya jua kuchomoza na kuzama, hospitali iliyo karibu na namba yake, magari yanapoegeshwa, muda wa chakula usiozidi saa sita tangu watu walipoanza kazi. Ekstra wapewe ukurasa mmoja wao peke yao. Humo usiweke namba ya simu ya mwigizaji yeyote wala hadithi ya filamu. Karatasi ya ekstra itazunguka kwenye simu za watu usiowajua, ichukulie hivyo tangu unapoiandika.

Katika ukurasa huo mtu apate majibu ya maswali anayojiuliza kweli: nifike saa ngapi, wapi, nivae nini, nitafanya nini, nitakula, nitaondoka saa ngapi, nikikwama nimpigie nani. Namba iwe moja, ya mtu ambaye siku hiyo kazi yake ni ekstra tu. Mahali pa kufika pasiwe barabara mnayoshuti. Chagua ukumbi, uwanja au kivuli umbali wa dakika kumi kwa miguu, penye choo na viti. Ukiwaambia waje barabarani moja kwa moja, watajichanganya na wapita njia na utamaliza asubuhi ukiuliza "wewe ni wa kwetu?"

Saa iandike kwa namna mbili pamoja: "saa 1:15 asubuhi (07:15)". Ukiandika 07:15 peke yake, kuna atakayesoma saa saba na robo mchana, na hatakuwa na kosa.

Mavazi yaeleze kwa maneno ya kawaida. Nguo zisiwe na nembo ya kampuni wala picha ya mtu. Zisiwe nyeupe kabisa, kwa sababu kwenye jua macho ya mtazamaji yatakimbilia kwake badala ya mhusika mkuu. Zisiwe na mistari membamba iliyobanana, maana hucheza kwenye picha. Kila mtu abebe shati au blauzi ya pili. Na waambie ukweli kuhusu kazi yenyewe: "utatembea kipande kile kile cha barabara mara nyingi, pengine zaidi ya mara kumi, na kati ya hapo utasubiri." Mtu aliyesoma hivyo jana yake hachoki haraka kama aliyedhani anakuja kwa dakika tano.

Itume jioni ya siku iliyotangulia, angalau muda wa saa kumi na mbili kabla ya mtu wa kwanza kufika. Usikubali jibu la kidole gumba. Omba kila mmoja ajibu kwa kuandika jina lake na saa atakayofika. Akiandika saa isiyo yake, umegundua usiku, bado unaweza kumpigia.

Mtafuta_Kibali

Samahani, mimi nimeshapata kibali cha kushuti barabarani kutoka kwa mamlaka ya eneo letu, kina muhuri na kinataja tarehe na saa. Kibali hicho si kinafunika na watu waliomo? Kwa nini tena fomu?

Msaidizi_wa_Pili

Hapana. Kibali kinakuruhusu kuitumia barabara. Mwenye mamlaka juu ya barabara hana mamlaka juu ya sura ya jirani yako. Nakala ya kibali ikae kwa msaidizi wa mwongozaji siku hiyo, fomu za watu ni faili lingine.

Mpangaji, hili la saa nataka tulipige hesabu, kwa sababu hapo ndipo fomu zinapokufa. Kusoma ukurasa mmoja, kuuliza swali, kusaini na kupigwa picha: mpe mtu dakika nne. Watu 24 kwenye meza moja ni dakika 96. Ukiwaita wote saa 2, saa 3 inafika wengine hawajasaini, mwongozaji anapiga kelele jua linapanda, na mtu mmoja atasema "tutasaini baadaye." Baadaye hiyo haiji.

Weka meza mbili na uwagawe watu makundi matatu ya wanane. Kila kundi linamalizika kwa dakika 16. Kundi A lifike saa 1:15, B saa 1:35, C saa 1:55. Kundi C linamaliza saa 2:11, una dakika 14 za waliochelewa, na wakati huo wa kwanza wanakaguliwa nguo. Saa 2:25 mnatoka wote, saa 2:35 mko barabarani, dakika 25 za kuwapanga na kufanya jaribio moja au mawili, saa 3 kamera inazunguka.

Kila mtu aone saa ya kundi lake tu. Ukiweka makundi yote matatu kwenye karatasi moja, wote watachagua saa 1:55. Watoto waweke kundi C, na upange shoti zao mwanzo ili waondoke mapema. Kwa jumla anza na shoti pana zenye watu wote, kisha uende za karibu. Ukifika kwa fundi viatu unahitaji watu sita nyuma yake, wengine waruhusu.

Niliwahi_Kuwa_Ekstra

Naomba niseme kutoka upande wa pili wa meza. Niliitwa asubuhi, tukasimama juani hadi jioni. Fomu tuliletewa giza limeingia, kurasa mbili, kwa lugha ambayo wengi wetu pale tulikuwa tunaisoma kwa kubahatisha. Tukaambiwa asiyesaini hapati malipo ya siku. Nikasaini. Baada ya muda nikaona sura yangu kwenye tangazo la bidhaa ambayo nisingekubali kuitangaza kwa malipo yoyote. Nilipouliza, nikaonyeshwa mstari wa fomu niliyosaini. Sikuwa na nakala.

Sisemi mtu asisaini. Nasema mtu ajue anasaini nini kabla hajatoa siku yake, na aondoke na karatasi yake mkononi.

Taa_na_Kivuli

Pole sana dada. Hilo la malipo kushikiliwa mpaka usaini ni baya, nakubali. Lakini bado nasema dakika 96 au hata 48 za makaratasi zinaua mwanga wa asubuhi. Kwa nini wasisaini kwenye simu jana yake?

Karatasi_na_Sahihi

Nimekuwa nikikusanya na kupanga fomu za namna hii kwa muda mrefu, ngoja nichangie.

Kutuma fomu jana yake ni wazo zuri, na ndivyo ningefanya: waisome nyumbani, waulize maswali usiku. Kusaini ndiko nisingekuhamisha kutoka kwenye meza, kwa sababu mbili. Kwanza unataka kuona aliyesaini ndiye aliyekuja. Ekstra wasio wazoefu huleta ndugu badala yao bila kukuambia. Pili, picha.

Fomu bila picha haina msaida mkubwa kwa ekstra. Mhariri atakuletea fremu ya mwanamke mwenye blauzi ya kijani akipita mbele ya basi, akuulize kama amesaini. Wewe una majina 24. Jina halina blauzi. Kwa hiyo kila fomu ipewe namba, tuseme 017. Namba hiyo iandikwe kubwa kwenye kadi, mtu aishike kifuani, apigwe picha ya mwili mzima akiwa na nguo atakazoonekana nazo, baada ya kukaguliwa. Akibadilisha shati kwa amri ya mtu wa mavazi, picha inarudiwa. Faili liitwe kwa namba:

```
017_kundiC_blauzi-kijani.jpg
```

Hapo hata mtu ambaye hakuwepo siku ile anaweza kulinganisha sura na fomu. Picha hizo hizo zitamsaidia anayefuatilia mwendelezo mkirudi kurudia shoti.

Maneno ya fomu yawe mafupi na kwa lugha ambayo ekstra wako wanaizungumza. Kiini chake kiwe hivi:

"Mimi (jina kamili) ninakubali kurekodiwa sura na sauti yangu tarehe (…) kwa ajili ya filamu yenye jina la muda (…), au jina lolote itakalopewa baadaye. Ninaruhusu watayarishaji kuihariri rekodi hiyo na kuitumia katika filamu hii na katika kuitangaza filamu hii, kwa njia zote za kuonyeshea, popote, bila kikomo cha muda. Ninaelewa kwamba si lazima nionekane katika filamu iliyokamilika. Kwa kushiriki nitapokea (…). Rekodi hii haitatumika kutangaza bidhaa au huduma nyingine bila ridhaa yangu mpya ya maandishi. Nimepewa nakala."

Sentensi ya tangazo la bidhaa watayarishaji wengi huiacha wazi kwa makusudi, na ndiyo iliyomuumiza mchangiaji hapo juu. Kwa filamu fupi hamhitaji haki hiyo, msiiombe. Kwenye "nitapokea" andikeni kinachotolewa kweli, iwe fedha, nauli au chakula. Msiache tupu. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza, makubaliano ambayo upande mmoja haupati chochote ni dhaifu, na sahihi peke yake haiyaokoi.

Fundi viatu mpe fomu yake tofauti. Anaongea, anaonekana karibu, na yuko kwenye sehemu yake ya kazi. Kwa hiyo unahitaji mambo mawili kwake: ridhaa ya sura na sauti, na ruhusa ya kushuti kwenye kibanda. Kama kibanda si chake, ruhusa hiyo ya pili inatoka kwa mwenye kibanda.

Mpangaji_Mpya

Asanteni sana, nimekwisha kugawa makundi matatu. Maswali mawili yamebaki. Mzee mmoja kati ya majirani hasomi. Na wale watoto, mama yao alisema siku hiyo huenda akachelewa, ila dada yake ataleta watoto. Pia bado sijaelewa wapita njia.

Karatasi_na_Sahihi

Mzee asomewe fomu yote kwa sauti, taratibu, na mtu asiye wa timu yenu aliyemchagua yeye mwenyewe. Aulizwe kwa maneno yake amekubali nini. Aweke dole gumba, na huyo msomaji asaini kama shahidi akiandika kwamba alimsomea. Rekodini hilo zoezi kwa simu, video ya dakika mbili inatosha, na ipewe namba ya fomu yake.

Watoto: anayesaini ni mzazi au mlezi wa kisheria. Shangazi, mama mdogo, mwalimu, jirani, hawa wanaweza kumsindikiza mtoto lakini sahihi yao haitoshi. Mpelekee mama fomu nyumbani jana yake, asaini mbele ya mtu wenu. Kisha siku yenyewe mama mdogo awe pale muda wote. Kama mama hajasaini, watoto hawaingii kwenye fremu, hata kama wameshafika na wamevaa vizuri. Na nchi nyingine zina masharti ya ziada kuhusu saa ambazo mtoto anaweza kufanya kazi kwenye seti, ulizia ya kwenu.

Msaidizi_wa_Pili

Wapita njia. Weka matangazo kila upande mtu anapoweza kuingia kwenye barabara, yasomeke kutoka mbali: hapa panarekodiwa filamu leo kuanzia saa fulani hadi saa fulani, ukipita unaweza kuonekana, kama hutaki tafadhali tumia njia ile au zungumza na mtu mwenye fulana ya njano. Kabla kamera haijazunguka, mtu achukue video ya tangazo likiwa mahali pake, barabara ikionekana nyuma. Bila hiyo video huna namna ya kuonyesha kwamba tangazo lilikuwepo.

Lakini tangazo lina mpaka wake. Linasaidia kwa mtu anayepita nyuma. Halimfuniki mtu ambaye sura yake imejaa fremu au ambaye maneno yake yamesikika. Kwa hao weka mtu mmoja pembeni ya kamera mwenye ubao, fomu kumi tupu na kalamu. Shoti nzuri ikimnasa mgeni, anamfuata papo hapo, kabla ya shoti inayofuata. Akikataa, anaandika namba ya shoti na alichovaa, na taarifa inaenda kwa mhariri pamoja na rekodi za siku. Mhariri atachagua shoti nyingine, atakata fremu, au atafifisha sura. Hakuna kumbembeleza mtu aliyekataa.

Taa_na_Kivuli

Hapo kwa mtu wa ubao nimekubali, nitaanza kumweka. Lakini niambieni: mtu aliyesaini, tumeshamaliza kuhariri, anakuja na kusema sitaki tena. Sahihi ni sahihi, au?

Karatasi_na_Sahihi

Inategemea uko wapi na fomu imesimama juu ya nini. Ikiwa ni makubaliano yenye malipo, kwa kawaida hawezi kuyavunja kwa neno moja. Lakini panapokuwa na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na ninyi mmejengea kila kitu juu ya neno "ridhaa" tu, mtu anaweza kudai kuiondoa. Hapo mwanasheria wa kwenu ndiye wa kuulizwa kabla hamjachapa fomu. Na hizo fomu zenyewe, zenye majina, simu na picha za watu, zisikae kwenye kundi la WhatsApp. Faili moja, watu wawili wenye ruhusa ya kulifungua.

Niliwahi_Kuwa_Ekstra

Mimi nadhani kwa ekstra wa kawaida, asiyeongea, akiomba kuondolewa kabla filamu haijatoka aondolewe, hata kama sheria iko upande wenu. Shoti moja ya mtu anayepita haiwezi kuwa filamu nzima.

Taa_na_Kivuli

Na kama ndiyo shoti pana pekee mliyo nayo, ya watu wote 24? Unashuti upya barabara nzima kwa ajili ya mmoja?

Niliwahi_Kuwa_Ekstra

Msaidizi_wa_Pili amesema sura inaweza kufifishwa. Fifisheni.

Mpangaji_Mpya

Kwenye shoti pana naona hilo linawezekana, nitamuuliza mhariri wetu. Kwa sasa: mama wa watoto amekubali nimpelekee fomu kesho jioni. Kadi za namba 001 hadi 034 nimezikata, kumi za ziada ni za mtu wa ubao. Kundi B kuna watu wawili ambao bado hawajajibu kwa jina na saa, nawapigia sasa hivi. Msaidizi_wa_Pili, mtu akishindwa kuja asubuhi ile, niwe na wa akiba wangapi?

Msaidizi_wa_Pili

Kwa ekstra wasio wazoefu alika watano zaidi ya unaowahitaji, wote waje na wasaini kama wengine, na ongeza kadi zao pia. Kundi C likiwa na watu 13, meza moja itakuwa na watu saba na itachukua dakika 28, utamaliza saa 2:23. Bado uko ndani ya muda, ila dakika zako 14 za waliochelewa zimebaki mbili. Bora wa akiba uwaweke kundi A.

Mpangaji_Mpya

Basi kundi A lifike saa 1:05, wanamaliza 1:33, kabla B hawajafika. Naandika upya karatasi ya A usiku huu.